Andiko la kitabu kwa chapa ya chuo kikuu: dini, korosho na rehani ya mikorosho. Naomba mlikosoe kabla sijalituma

#1 Kijana wa Ligula

Habari za jioni wakuu.

Nina tasnifu ya udaktari kuhusu dini na maisha ya kiuchumi ya kila siku katika vijiji vya Newala, Tandahimba na Masasi, na ninaigeuza kuwa kitabu. Ninayemlenga ni chapa ya chuo kikuu ya nje. Maelekezo yao yanataka andiko lisilozidi kurasa 12, muhtasari wa kila sura, sura mbili za mfano, na mswada usiozidi maneno 90,000 pamoja na tanbihi na marejeleo. Tasnifu yangu ina maneno 118,000.

Aya ya kwanza ya andiko kwa sasa inasomeka hivi:

> Kitabu hiki kinachunguza nafasi ya dini katika maisha ya kiuchumi ya watu wa kusini-mashariki mwa Tanzania. Kinaonyesha kwamba dini na uchumi vinahusiana kwa karibu, na kwamba imani za Kiislamu na za Kikristo zinaathiri namna watu wanavyopata, wanavyotumia na wanavyogawana fedha. Ni kitabu cha kwanza kuhusu mada hii.

Sura ni tisa: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, historia ya eneo, Uislamu na uchumi, Ukristo na uchumi, zaka na sadaka, mikopo na rehani ya mikorosho, hitimisho.

Ninachotaka kujua ni kimoja: mhariri akifungua andiko hili atakwama wapi?

#2 Afisa Mipango LD

Mkuu, andiko bila bajeti halipiti popote. Ongeza jedwali la gharama, viashiria vya mafanikio, wanufaika wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja, na mpango wa uendelevu baada ya mradi kuisha. Wafadhili wanaanza kusoma huko.

#3 Mhariri Mstaafu

Afisa Mipango, hilo ni andiko la kuomba fedha za utafiti. Hapa utafiti umekwisha. Andiko la kitabu halisemi utafanya nini, linasema umegundua nini na nani atanunua kitabu kukisoma. Ukipeleka viashiria na wanufaika, mhariri ataona mara moja kwamba umekosa mlango.

Kijana wa Ligula, nikujibu ulichouliza. Mhariri atakwama kwenye sentensi ya pili. "Dini na uchumi vinahusiana kwa karibu" ni jambo ambalo hakuna mtu wa kulipinga, na dai lisilo na mpinzani halibebi kitabu. Soma aya yako kisha badilisha jina la mahali, weka Pemba, weka Kano, weka Java. Haibadiliki kitu. Aya ya kwanza ya andiko ikiweza kuhamishwa hivyo, ujue imetaja mada na haijatoa hoja.

La pili ni orodha ya sura. Sura ya 2 na ya 3 zinamwambia mhariri kwamba anachoshika mkononi ni tasnifu. Mapitio ya maandiko yaliandikwa ili kamati ya mtihani ijue umesoma, na msomaji wa kitabu hana shida hiyo. Mbinu za utafiti zinahitajika, ila zikae ndani ya utangulizi kwa kurasa tano au sita.

La tatu ni "kitabu cha kwanza kuhusu mada hii". Ifute. Wahakiki wawili watakaotumiwa andiko lako huenda wote wameandika juu ya mada hiyo.

Naomba uniambie kwa sentensi mbili, bila kutumia neno "dini" wala neno "uchumi": uliona nini kule ambacho hukutegemea?

#4 Kijana wa Ligula

Asante mzee. Nilichoona ni hiki. Mtu anapokosa fedha ya salfa ya kupulizia mikorosho mwezi wa sita au ya chakula mwezi wa pili, anachukua fedha kwa mwenye nazo na kumwachia mikorosho kadhaa aivune. Waliopeana fedha wanabishana sana kuhusu dili hilo liitwe nini: wameuziana korosho, wamekodishana shamba, au wamewekeana rehani. Jina wanalolichagua ndilo linaloamua kama imamu au katekista atakubali kuwa shahidi, na kama mkopaji anaweza kuirudisha mikorosho kabla msimu haujaisha.

#5 Binti Nachingwea

Hicho ndicho kitabu, kaka. Umekiweka sura ya nane.

Andiko zima lijengwe juu ya ugomvi wa jina. Ulichokionyesha ni kwamba watu hawatekelezi tu amri za dini katika biashara, wala hawazikwepi tu. Wanazitumia kupanga dili liwe la aina gani, na aina hiyo ina matokeo ya shilingi na ya mavuno. Hapo una wapinzani wawili wa kweli: anayesema dini ni vazi la maslahi, na anayesema imani ndiyo inayoamua mwenendo wa mtu sokoni. Wote wawili watataka kukusoma ili wakupinge.

Nakuomba pia usianze na Max Weber. Kila andiko la dini na uchumi linafunguliwa kwa Weber na Waprotestanti wake wa 1904 na 1905, na wahakiki wamechoka. Akihitajika, aje kwenye muhtasari wa utangulizi kwa sentensi moja.

#6 Mpiga Salfa

Samahani wasomi, mimi ni mkulima. Mikorosho 40 ya mama yangu iko kwa mtu tangu msimu wa juzi kwa fedha ya matibabu, na anaivuna kila mwaka. Tunaambiwa deni bado lipo palepale. Hiyo ninyi mnaiitaje? Na kitabu hiki kitasaidia mikorosho irudi?

#7 Mwinyi Mikindani

Pole ndugu yangu, Mungu amjalie mama afya. Kitabu hakitarudisha mikorosho. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na walioshuhudia siku fedha ilipotolewa, na jambo la kwanza mkubaliane ni kiasi gani kilitolewa na korosho kiasi gani zimeshavunwa.

Swali lako la jina ndilo hasa la uzi huu, kwa hiyo nalijibu kwa upande wa fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani hii. Aliyeweka rehani hubaki na mali yake na matunda yake. Aliyekopesha akishika mikorosho, ameshika dhamana tu. Wakishurutishana kwamba atavuna na deni libaki vilevile, ile ziada anayoila ni faida juu ya mkopo, na hiyo ni riba. Ndiyo maana watu hawapendi kuliita rehani.

#8 Korosho Ghafi

Basi mambo ni mepesi. Kangomba yote, yaani korosho kununuliwa kienyeji nje ya chama na mnada, ni riba, na kuchukua fedha kabla ya mavuno ni riba. Mwandishi aandike sura moja ya riba amalize. Sioni kitabu cha kurasa 250 hapo.

#9 Mwinyi Mikindani

Umepatia nusu, ndugu Korosho Ghafi, na nusu uliyokosa ndiyo yenye kitabu.

Kulipa leo kwa mazao ya kesho kuna mlango wake halali, nao ni biashara ya salam. Bei yote ilipwe papo hapo kwenye kikao cha mapatano. Mazao yaelezwe aina yake, ubora wake na siku ya kukabidhiwa. Kiasi kijulikane kwa kipimo kinachojulikana na watu. Na mazao yasifungwe kwenye miti fulani, kwa sababu miti hiyo ikikosa kuzaa muuzaji hana cha kutoa. Anayeuza kilo 200 za korosho safi za kukabidhi mwezi wa kumi na moja, akalipwa zote leo, yumo ndani ya mlango huo. Anayeuza "korosho za mikorosho yangu ishirini ile ya bondeni" wakati ndiyo kwanza inatoa maua hayumo. Huyo ameuza matunda kabla wema wake haujadhihiri, jambo lililokatazwa kwa hadithi sahihi. Kasoro yake ni kuuza kisichojulikana, si riba.

Sasa tazama kangomba. Jina lenyewe watu wanalifungamanisha na kipimo kisicho rasmi, kile kibakuli au kopo. Kipimo kisichojulikana ujazo wake kinaharibu salam. Kwa hiyo shehe anaweza kuikataa kangomba kwa sababu ya kibakuli bila kugusa suala la fedha kutangulia. Serikali nayo inaikataa kwa sababu nyingine: korosho zinatakiwa zipite chama cha msingi na mnadani. Wawili wanakataza jambo moja kwa hoja mbili tofauti, na mkulima anazijua zote mbili.

Na wanaosema "nimekodisha shamba" wanajaribu mlango wa tatu. Huo nao mwembamba, kwa sababu unachokodisha ni matumizi ya kitu, na mwenye kukodi miti ili ale matunda anakuwa amenunua matunda kwa jina la kodi. Jumuhuri ya wanazuoni hawaukubali.

#10 Binti Nachingwea

Shehe, hapo umempa mwandishi mpangilio wa sura. Kuuza, kukodisha, kuweka rehani: kila jina sura yake.

Kijana wa Ligula, zingatia jambo moja. Mhakiki wa masomo ya dini atataka kuona kwamba unajua tofauti alizozieleza shehe. Mhakiki wa uchumi au anthropolojia atataka kujua nani alipata kilo ngapi, kwa bei gani, ikilinganishwa na bei ya mnada. Chapa za vyuo vikuu hutafuta kwa kawaida wahakiki wawili, na kitabu kama chako kitapewa mmoja kutoka kila upande. Sura ya mfano utakayotuma iwaridhishe wote wawili. Wengi hutuma utangulizi peke yake, na utangulizi huwa hauna ushahidi. Tuma utangulizi pamoja na sura ya rehani.

#11 Dada Chikundi

Naona Wakristo mmeshatusahau, na uzi una machapisho kumi. Masasi misheni ya Kianglikana ya UMCA iliingia 1876, Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Kitabu kinachotaja Masasi kikawaweka Wakristo kwenye sura moja, "Ukristo na uchumi", ni kiraka. Mhakiki yeyote anayeijua Masasi ataandika hivyo.

Hata hayo ya Waislamu katika tasnifu nina wasiwasi nayo, kwa sababu mtu wa Chikundi anayeweka mikorosho rehani kwa jirani Mwislamu hafanyi "uchumi wa Kikristo". Dili ni moja, na wenye dini mbili wamo ndani yake.

#12 Mhariri Mstaafu

Dada Chikundi amesema jambo ambalo kwenye ripoti ya uhakiki huwa linakuja kama sababu ya kukataa. Orodha ya sura inayofuata dini (Uislamu hapa, Ukristo pale, zaka na sadaka kule) inamlazimisha mwandishi kueleza dini moja moja, na dili lenyewe halionekani popote. Fuata dili. Napendekeza mgawanyo huu wa maneno:

Utangulizi maneno 9,000, na ndani yake mbinu za utafiti zisizozidi 2,000. Halafu sura sita za maneno 11,000 kila moja, jumla 66,000. Hitimisho 5,000. Hapo una 80,000, na 10,000 zinabaki kwa tanbihi na marejeleo. Jumla 90,000 kamili. Usiseme "takriban 95,000, nitapunguza baadaye". Mhariri anakadiria gharama ya kurasa kwa namba hiyo, na ukizidisha unamwambia kwamba hukusoma maelekezo.

Sura sita zifuate mwaka wa korosho. Ya kwanza iwe miezi ya njaa na fedha ya kwanza inayochukuliwa. Ya pili iwe salfa na ugonjwa wa ubwiri unga, kipindi ambacho asiyepulizia hana mavuno, kwa hiyo hana nguvu ya kubishana bei. Ya tatu kuuza, ya nne kukodisha, ya tano rehani. Ya sita iwe malipo yanapoingia: mnada, makato, zaka, sadaka ya mavuno, unyago na hitima, madai yote yakigonga mlango wiki moja. Sura ya historia ife. Historia igawanywe iende pale inapohitajika.

Muhtasari wa kila sura uwe maneno 250 hadi 300. Anza na tukio moja, kisha dai la sura, kisha ushahidi wake, mwisho sura hii inaipa nini inayofuata. Muhtasari unaosema "sura hii inajadili..." mara sita mfululizo unachosha kabla haujafika katikati.

#13 Kijana wa Ligula

Wakuu, nimeandika haya yote pembeni. Maswali matatu. Kwanza, sehemu ya vitabu vinavyofanana na changu niiandikeje kama sitakiwi kusema ni cha kwanza? Pili, naweza kutuma kwa wachapishaji wawili? Tatu, sehemu kubwa ya utafiti niliifanya msimu wa 2018/19. Je, niitaje?

#14 Korosho Ghafi

Wachapishaji wawili huwezi. Ni marufuku, wakikugundua unafungiwa kote.

#15 Binti Nachingwea

Marufuku ni kwa mswada kamili unaohakikiwa, kwa sababu mchapishaji anawalipa wahakiki na hataki kazi yake imfaidi mwingine. Andiko peke yake chapa nyingi zinakubali lipelekwe kwingine, ila unatakiwa useme wazi kwenye barua kwamba liko pia mahali pengine. Zipo zinazotaka uzisubiri peke yake, kwa hiyo soma maelekezo ya kila moja. Mchapishaji mmoja akishaanza kutafuta wahakiki, wa pili aambiwe siku hiyohiyo.

Kuhusu vitabu vinavyofanana: chagua vinne au vitano, na kila kimoja ukieleze kwa heshima kwa sentensi tatu. Kinafanya nini vizuri, kinaishia wapi, na chako kinaendelea kutoka wapi. Kwa kusini huwezi kuruka kitabu cha Felicitas Becker cha 2008 kuhusu watu wa bara la Tanzania walivyoingia Uislamu, kwa sababu utafiti wake ni wa huku huku kwetu na kinaanzia 1890 hadi 2000. Huna haja ya kutafuta kosa ndani yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulianza Mtwara 2007. Kitabu chake kinaishia 2000, chako kinahusu fedha ya korosho baada ya mfumo huo kubadilisha siku ambayo mkulima anashika fedha mkononi. Tarehe mbili hizo zinatosha kuonyesha nafasi yako.

Na usijaze orodha kwa vitabu vya Tanzania pekee. Mhariri anauza duniani. Weka kimoja cha mikopo na Uislamu kutoka nchi nyingine na kimoja cha Wakristo na fedha, ili aone rafu tatu za maktaba ambazo kitabu kinaweza kukaa.

#16 Mpiga Salfa

2018/19 ndiyo ule msimu serikali ilinunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likabeba. Watu walihakikiwa mashamba ndipo walipwe. Mwenye korosho nyingi kuliko mikorosho yake aliulizwa maswali magumu. Msimu ule hakuna aliyesema ukweli kuhusu kangomba kwa mtu mwenye daftari.

#17 Mhariri Mstaafu

Mpiga Salfa ametoa tathmini kali kuliko zote kwenye uzi huu, na ni sahihi. Kijana wa Ligula, itaje tarehe wewe mwenyewe, kwenye andiko, kabla mhakiki hajaitaja. Msimu ambao serikali ilinunua kwa bei moja ya shilingi 3,300 kwa kilo haukuwa msimu wa kawaida. Bei ya kawaida ya mnada ya kulinganisha nayo haikuwepo, na kangomba ilikuwa hatari kuzungumzwa. Ukiiandika kama msimu wa kawaida, mhakiki wa uchumi atasimama hapo na hatasonga mbele.

Una njia mbili. Kama una daftari za msimu mwingine, hata mfupi, onyesha lipi lilibaki vilevile katika misimu yote miwili na lipi lilibadilika. Kama huna, basi msimu wenyewe uwe sehemu ya hoja: uhakiki wa mashamba uliwalazimisha watu kutamka hadharani mikorosho ni ya nani, na dili zilizokuwa zimefichwa kwenye neno "kukodisha" zikabidi ziitwe kitu fulani mbele ya afisa. Mimi naona njia ya pili ina nguvu zaidi, lakini inakutaka ushahidi wa maneno yaliyosemwa siku za uhakiki, si kumbukumbu za miaka iliyofuata.

#18 Dada Chikundi

Kabla hajatuma sura ya rehani, afikirie watu waliomo. Kijiji kina chama cha msingi kimoja, katibu wake ni mmoja, imamu wa msikiti wa Ijumaa ni mmoja, katekista ni mmoja. Ukiandika "Katibu wa chama katika kijiji cha kaskazini mwa mji wa Newala, mwenye mikorosho 300, mtoto wa shehe wa zamani", jina hata ulibadilishe mara kumi, wilaya nzima wamemjua. Na unachomhusisha nacho, kama ni kangomba, ni kosa kisheria.

#19 Binti Nachingwea

Kweli kabisa, na sura ya mfano husomwa na watu wasiopungua wanne hata kabla ya mkataba. Badilisha vitu vitatu, si jina tu: kijiji kiwe cha kubuni na ueleze hivyo, idadi ya mikorosho iwe kwa makundi (chini ya 50, 50 hadi 150, zaidi ya hapo), na cheo kitenganishwe na dili. Katibu anayeongelea makato awe mtu mmoja ukurasani, na anayeongelea rehani awe mwingine, hata kama ni yuleyule. Ila usiwaunganishe watu wawili kuwa mmoja bila kusema. Wahakiki wa anthropolojia wanalikubali hilo pale tu mwandishi anapolitangaza.

Ramani nayo ni mtego. Ukichora nukta ya kijiji, umeharibu kazi yote ya kuficha. Ramani iishie kwenye wilaya. Na ichorwe upya, kwa sababu picha ya skrini kutoka ramani za mtandaoni haichapishwi. Kwenye andiko taja tu idadi: ramani 1, picha nyeusi na nyeupe 8, majedwali 3. Picha za watu ziwe na ruhusa ya maandishi.

#20 Mwinyi Mikindani

Naongeza la zaka, maana nimeona liko sura ya sita na najua litakosewa. Watu watatarajia uandike kwamba korosho hutolewa ushuru wa sehemu ya kumi kama mpunga au mtama. Kwa Kishafii, zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachowekwa ghalani, na katika matunda ni tende na zabibu. Korosho haimo. Mfanyabiashara anayenunua na kuuza ndiye anayetoa asilimia 2.5 ya mali ya biashara mwaka ukitimia na kiwango kikifika. Maana yake mkulima anayetoa sehemu ya korosho zake msikitini anatoa sadaka, hata kama yeye mwenyewe anaiita zaka. Wanazuoni wa madhehebu mengine wanaona tofauti, Wahanafi kwa mfano wanaweka ushuru kwenye mazao mengi zaidi. Kama ulisikia neno "zaka" kijijini liandike lilivyosemwa, lakini msomaji ajue kuna pengo kati ya neno na hukumu. Nadhani pengo hilo ni jamaa wa ugomvi wako wa jina.

#21 Dada Chikundi

Na kanisani kuna la namna hiyo. Sadaka ya mavuno ina Jumapili yake kwenye kalenda, lakini fedha ya mnada inaingia benki siku yake. Anayesubiri malipo analeta nini madhabahuni Jumapili hiyo: korosho, ahadi, au fedha ya kukopa? Kama una jibu kwenye daftari, hilo ndilo la kufungulia sura ya sita. Bado lakini nashikilia kwamba ukifuata dili pekee utapoteza parokia kama taasisi: shule, hospitali, mashamba ya misheni. Dili halielezi kila kitu.

#22 Binti Nachingwea

Hapo tutofautiane, dada. Akiingiza taasisi za misheni kwa ukamilifu wake, kinakuwa kitabu kingine na maneno 90,000 hayatoshi.

#23 Mhariri Mstaafu

Niseme kidogo kuhusu kitakachofuata, ili asishtuke. Mhariri akipenda andiko, atalipeleka kwa wahakiki na kuwapa wiki sita hadi nane, ingawa wengi huchelewa. Ripoti zikija, utaombwa jibu la kurasa mbili hivi. Jibu hilo ndilo bodi ya chapa inayolisoma pamoja na ripoti, kwa hiyo usiliandike kama barua ya shukrani wala ya kujitetea.

Tuchukue mfano. Mhakiki wa kwanza anasema fikihi imeguswa juujuu. Jibu: "Sura ya 3 itapata maneno 1,500 juu ya masharti ya salam na kipimo, yakitolewa kwenye maneno 2,000 ya historia yanayopunguzwa Sura ya 1." Umesema wapi, kiasi gani, na maneno yanatoka wapi. Mhakiki wa pili anataka ulinganishe na Zanzibar. Jibu: hapana, kwa sababu ushahidi wako umejengwa juu ya korosho na mnada, na sentensi mbili zinatosha kueleza. Ukikubali kila kitu, bodi inaona mwandishi asiyejua kitabu chake. Ukikataa bila sababu, inaona mtu atakayesumbua.

Mkataba ukija wakati mswada haujakamilika, mara nyingi una sharti kwamba mswada kamili utahakikiwa tena. Usitangaze kwamba kitabu kimekubaliwa.

Na useme kwenye andiko kwamba tasnifu iko kwenye hifadhi ya chuo mtandaoni, kama iko. Kwa kawaida si kizuizi ikiwa kitabu kimeandikwa upya, lakini kuficha ni kizuizi. Vivyo hivyo makala ulizokwisha kuchapisha: taja ni sura gani na sehemu kiasi gani.

#24 Kijana wa Ligula

Wakuu, nimeandika aya ya kwanza upya. Kichwa cha muda ni *Rehani ya Mikorosho*.

> Katika wilaya za Newala, Tandahimba na Masasi, mkulima anayehitaji fedha kabla ya mnada humwachia mwenzake mikorosho avune. Je, wameuziana, wamekodishana au wamewekeana rehani? Kitabu hiki kinaonyesha kwamba ugomvi juu ya jina la dili ndiko ambako hukumu za dini, sheria ya ushirika na nguvu za mwenye fedha hukutana, na kwamba Waislamu na Wakristo hubishana kwa msamiati unaofanana kuliko mafundisho yao yanavyofanana. Kikiufuata mwaka mmoja wa korosho, ule wa 2018/19 ambapo uhakiki wa mashamba ulilazimisha majina hayo kutamkwa hadharani, kitabu kinapinga wazo kwamba dini huamua mwenendo wa kiuchumi, na pia wazo kwamba huupamba tu.

Daftari za siku za uhakiki ninazo, za vijiji viwili. Cha tatu sina.

#25 Mhariri Mstaafu

Hii siwezi kuihamishia Kano. Sentensi ya tatu ni ndefu, ikate pale penye "na kwamba". Na kijiji cha tatu kitaje kama kilivyo: ushahidi wa uhakiki unatoka vijiji viwili.

#26 Mwinyi Mikindani

Neno moja, mwanangu. Umeandika "humwachia mwenzake mikorosho avune". Kwenye karatasi walizosainiana, imeandikwa mikorosho au imeandikwa mavuno ya msimu? Kama ni mavuno, muda ukiisha dili limekwisha. Kama ni mikorosho, ndipo yanapotokea ya mama wa Mpiga Salfa.

#27 Kijana wa Ligula

Karatasi nyingi zinasema "mikorosho" tu, shehe. Nilidhani ni ufupisho wa mwandishi wa karatasi. Narudi kuzisoma moja moja kabla ya kutuma.

#28 Mpiga Salfa

Ya mama imeandikwa "mikorosho 40 mpaka fedha irudi". Nimeitazama sasa hivi.